Ndege Iliyosimama Juu ya Mahindi

Jua lilitoka siku ile, na hilo jua ndilo lililoleta balaa lote. Kama mvua ingeendelea kunyesha, ndege isingeruka na mahindi yasingeanikwa, na Jamilah angepata wa kumlaumu: barabara, mto, serikali, yeyote yule. Lakini jua lilitoka, jua la kweli la kuchoma shingo, baada ya wiki nzima ya matope. Meru yote ikafungua madirisha.

Jamilah alikuwa rubani, ingawa hajawahi kuketi ndani ya ndege anayoirusha. Binti wa mchinjaji wa Majengo, aliyekua akisikia shoka kwenye gogo la nyama, sasa alikuwa anashinda ndani ya kontena jeupe nyuma ya hospitali, mbele ya skrini mbili, akipeleka damu na chanjo vijijini kwa ndege isiyo na mtu ndani. Baba yake bado alikuwa anawaambia wateja kwamba msichana wake "anaendesha ndege," na Jamilah alikuwa amechoka kumsahihisha. Na kwani alikuwa anadanganya?

Ndege yenyewe ungeiona ungedhani fundi ameshindwa kuamua atengeneze nini. Ilikuwa na mabawa marefu kama ndege ya kawaida, halafu mota nne za umeme, kila moja na pangaboi lake. Wakati wa kupaa, mapangaboi yote manne yalitazama juu, yakaivuta wima kutoka ardhini bila kuhitaji uwanja wa kukimbilia. Ikishapita miti, mota mbili za mbele ziliinama polepole kutazama mbele, mwendo ukaongezeka, upepo ukaanza kupita juu ya mabawa, na mabawa yakapokea mzigo. Hapo mota mbili za nyuma zilizimwa kabisa, na ndege ikaenda zake kwa nguvu ndogo tu. Kufika kulikuwa kinyume chake: inapunguza mwendo, mota za mbele zinainuka, za nyuma zinawaka, na inashuka wima hadi kwenye simiti.

Kitu kimoja watu wengi hawakuelewa, na hata waliokielewa walikisahau. Ndege hii haikuchoka kwa kwenda. Ilichoka kwa kusimama. Ikikimbia, bawa linaibeba. Ikisimama hewani, bawa ni ubao tu, maana hakuna upepo unaolipita, na kila kilo ya ndege ile inaning'inia kwenye mota na betri. Dakika moja ya kusimama ilikula umeme ambao ungeipeleka kilomita nyingi ikiwa kwenye bawa. Gedion, msimamizi wa zamu na mtu wa Embu asiyecheka ovyo, alikuwa akiwaambia marubani wapya, "Hii kitu ikisimama, wewe usikae chini."

Asubuhi ile simu ilitoka Kirindara, kituo kidogo cha afya ng'ambo ya mto, chini ya Mikinduri. Aliyepiga alikuwa Kiambi, afisa wa kliniki ambaye kijiji kizima kilimwita daktari kwa sababu hakukuwa na mwingine.

"Nina mama amejifungua alfajiri," alisema. "Mtoto yuko salama. Kondo la nyuma tumelitoa lakini damu haikomi. Nimempa dawa zote nilizonazo. Daraja limeenda na maji jana, ambulensi haivuki. Jamilah, nahitaji damu, na naihitaji sasa."

"Anaitwa nani?" Jamilah aliuliza. Haikuwa lazima ajue. Aliuliza tu, na baadaye alijutia kuuliza.

"Nelius. Uzazi wa kwanza. Yuko hapa na mama mkwe wake."

Mifuko miwili ya damu iliingizwa kwenye sanduku la baridi, sanduku likafungwa tumboni mwa ndege, na ndege ikapaa juu ya mabati ya hospitali kwa kelele ile ya nyuki wenye hasira. Hewa ya Meru ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, na kwa mzigo ule betri ililiwa kidogo zaidi ya kawaida wakati wa kupaa. Kisha mota za mbele zikainama, bawa likashika, kelele ikapungua. Jamilah akashusha pumzi. Mbele kulikuwa na upepo kutoka mabondeni unaoipinga ndege usoni, ukala tena kidogo. Hata hivyo hesabu ilikuwa inatosha: kufika, kushuka, kuacha mzigo, kupaa na kurudi, na akiba kidogo juu yake.

Sasa ngoja nikuambie habari za ule uwanja wa Kirindara, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kampuni ya hizi ndege ilikuwa imejenga kipande cha simiti nyuma ya kituo, kipana kiasi cha sebule, kimesawazishwa vizuri na kupakwa duara jeupe. Hakukuwa na mahali pengine pakavu na laini kama pale kwa mwendo wa nusu saa. Watu wa Kirindara walikuwa wamevuna mahindi, mvua za masika zikaja mapema, na mahindi yakaanza kuota ukungu ndani ya magunia. Yeyote aliyewahi kulala njaa anajua uchungu wa kunusa chakula chake kikioza. Mama Mwirigi, mama mkwe wa Nelius, alikuwa amekuja kituoni na mkaza mwanawe usiku uliopita, na kwa kuwa hakuna wa kumwachia mahindi nyumbani, alimwambia mtoto wake wa kiume, Mwirigi, mumewe Nelius, alete magunia kwa punda. Mgonjwa atauguzwa, na jua likitoka mahindi yataanikwa. Ndivyo alivyopanga, na hakuna aliyemwona mjinga.

Jua lilipotoka, akatandika turubai lake la manjano juu ya simiti ya kampuni na kumwaga mahindi.

Jamilah, ndege ikiwa karibu kufika, alimpigia Kiambi. Kiambi hakushika, mikono yake ilikuwa juu ya tumbo la Nelius, ikisugua mfuko wa uzazi ili ukaze. Simu ikashikwa na Muthamia, mlinzi.

"Uwanja uko wazi?" Jamilah aliuliza.

Muthamia alichungulia. Alikuwa mtu mwaminifu na aliangalia kama alivyofundishwa. "Uko wazi, madam. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna mbuzi."

Hakusema uongo. Siku ya mafunzo waliambiwa wahakikishe hakuna mtu wala mnyama. Mahindi si mtu, na turubai si mnyama.

Jamilah akairuhusu ndege kushuka. Mwendo ukapungua, mota za mbele zikainuka, za nyuma zikaamka, bawa likaachia mzigo. Ndege ikasogea taratibu juu ya miti ya mikalitusi, na kamera ya chini ikafunguka. Katikati ya skrini, badala ya duara jeupe, akaona manjano.

"Simamisha," alisema peke yake, na kidole chake kikabonyeza. Ndege ikasimama hewani, juu kidogo kuliko miti.

Gedion alikuwa amekwisha sogea nyuma ya kiti chake. "Hiyo ni turubai. Upepo wa mapangaboi utaipeperusha iingie kwenye mota. Toka hapo. Rudi kwenye bawa, zunguka, wasafishe halafu urudi."

Alikuwa sahihi. Lakini kurudi kwenye bawa nako si bure. Ndege ingelazimika kupanda tena, mota zote zikivuta kwa nguvu, iinamishe zile za mbele, ikimbie hadi bawa lishike. Kisha baada ya kuzunguka irudie yale yale ya kushuka. Jamilah alipiga hesabu: mara mbili gharama ile, dhidi ya kungoja kidogo tu watu wavute turubai pembeni. Kuvuta turubai ni kazi ya kufumba na kufumbua. Na kulikuwa na Nelius. Moyo wake ulikataa kuigeuza ndege mgongo ikiwa imeshafika mlangoni.

"Muthamia," alisema kwenye simu, "ondoa hiyo turubai. Iburute na mahindi yake yote, itupe kando."

"Sawa, madam. Tunaondoa sasa hivi."

Skrini ikaonyesha watu wakikimbia. Mlinzi, wanawake wawili, Mwirigi. Na mwanamke mzee mwenye leso kichwani. Jamilah akaona yule mzee akiinua mkono kuwazuia, akipiga magoti, na kuanza kukusanya mahindi kwa viganja viwili na kuyatia kwenye debe. Wengine nao wakapiga magoti kando yake. Mmoja akaleta ufagio.

"Wanafanya nini?" Gedion aliuliza.

Walikuwa wanazoa. Huko hakuna mtu anayemwaga chakula kwenye matope. Mahindi yaliyokanyagwa ni laana, mtoto anachapwa kwa hilo, na mwaka ule njaa ilikuwa imepita karibu mno na milango yao. Turubai lingeburutwa, nusu ya mahindi ingeishia kwenye dimbwi lililozunguka simiti. Kwa hiyo walizoa, vizuri, kwa adabu, kuanzia upande wa ukutani.

"Muthamia, haraka," Jamilah alisema.

Akamsikia Muthamia akisema kitu kwa Kimeru, na sauti ya mwanamke mzee ikajibu, tulivu kabisa. Muthamia akarudi kwenye simu. "Anasema haraka haraka haina baraka. Anasema ndege imesimama, inatungoja. Si ulituambia hivyo wewe, madam?"

Jamilah akakumbuka.

Ni kweli aliwaambia. Siku ya kuzindua uwanja, watu walikuwa wameogopa ndege isije ikawaangukia vichwani. Yeye ndiye aliyefanya onyesho. Aliisimamisha ndege hewani mbele yao wote, tupu, betri ikiwa imejaa, wakati kwaya ya kanisa ikiimba ubeti baada ya ubeti, na akasema kwenye kipaza sauti: "Mkiona uwanja haujawa tayari, msiwe na wasiwasi. Itasimama juu iwangoje." Watu walipiga makofi. Wazee walitikisa vichwa kwa furaha. Kitu chenye adabu hivyo, kinachobisha hodi na kungoja kikaribishwe, nani angekiogopa?

"Mwambie haiwezi kungoja," Jamilah alisema. "Mwambie betri inaisha. Vuta, Muthamia, vuta kila kitu."

Hayo yote yalisemwa, lakini simu ilikuwa inakatika katika kelele ya mapangaboi, na betri ilikuwa inashuka mbele ya macho yake kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Upepo wa bondeni ulikuwa unayasukuma yale mabawa marefu kando, na mota zikapigana nao ili ndege isitoke mahali pake, zikala zaidi. Gedion alisema tena, "Jamilah, bawa. Sasa." Kidole cha Jamilah kilikuwa tayari kimefika kwenye kitufe. Akaona nusu ya turubai imekwisha kuwa tupu. Akasema, "Wamebakisha kidogo."

Wamebakisha kidogo. Maneno hayo yatamsumbua hadi anazeeka.

Skrini ikawa nyekundu. Umeme uliobaki sasa haukutosha kupanda na kukimbilia bawa. Ulitosha kushuka tu, na ndege ilitengenezwa ijue hivyo kabla ya rubani kukubali. Ikaanza kushuka yenyewe. Jamilah alitafuta mahali pa kuisogeza. Upande mmoja miti, upande mwingine tangi la maji, na kwenye njia ya lango umati uliokuja kuona ndege ya damu, wamama na watoto mgongoni. Hapakuwa na mahali ila pale pale.

"Tokeni wote kwenye uwanja!" alipiga kelele. "Muthamia, watoe!"

Muthamia aliwafukuza. Mama Mwirigi alitoka wa mwisho, akikumbatia debe.

Na hapa ndipo roho inaponiuma mimi ninayesimulia. Turubai lile lingeachwa limejaa mahindi, pengine uzito wake ungelizuia, na ndege ingetua juu ya nafaka vibaya vibaya lakini salama. Lakini lilikuwa limepakuliwa upande mmoja. Upepo wa mapangaboi manne ulipiga simiti, ukaingia chini ya upande ule mtupu, na turubai likainuka. Likasimama wima mbele ya kamera, manjano tupu. Kisha pangaboi moja la nyuma likalinyakua. Ndege iliyosimama hewani haina cha kuishika ila mota zake, na ikipoteza moja ya nyuma inapinduka upande huo; hakuna bawa la kuiokoa. Ilianguka kutoka urefu wa paa la nyumba.

Kule kontenani Gedion hakumlaumu Jamilah. Alishika simu nyingine na kuagiza ndege ya pili iandaliwe na betri iliyojaa.

Mfuko mmoja wa damu ulipasuka ndani ya sanduku. Wa pili ulitoka mzima, na Kiambi akaukimbiza wodini akiwa bado na damu ya Nelius kwenye mikono. Ulimrudishia Nelius fahamu kidogo. Aliuliza mtoto yuko wapi, wakamwonyesha, akamgusa shavu. Lakini mfuko mmoja kwa mtu anayevuja namna ile ni kumwaga maji mchangani. Ndege ya pili ilifika wakati watu wanapika chakula cha mchana. Uwanja ulikuwa umefagiwa, hauna hata punje, Muthamia amesimama mbali na mikono nyuma. Ikatua katikati ya duara jeupe, vizuri kupita zote ambazo Jamilah amewahi kuzitua. Kiambi hakwenda kuifungua. Alitoka mlangoni, akaitazama, akarudi ndani kumfunika Nelius uso.

Ile damu ilirudi Meru ndani ya sanduku lake, baridi bado.

Watu walimwambia Jamilah ajali haina kinga. Baba yake, ambaye ameona vifo vingi vya wanyama na vichache vya watu, alimwambia ni kazi ya Mungu. Gedion aliandika kwa wakubwa kwamba kosa ni la mafunzo, si la mtu. Yote hayo aliyasikia. Hakuna lililomsaidia kulala.

Daraja lilipotengenezwa, walikwenda Kirindara, yeye na Gedion, kuchukua mabaki ya ndege na kutoa rambirambi. Kwa Mama Mwirigi walikuta matanga yameisha, viti vya kukodi vimerundikwa kando ya ua vikingoja kurudishwa. Mwirigi alikuwa ameketi kwenye kigogo, akawasalimia bila kuinuka. Mama yake alikuwa na kichanga kifuani, amemfunga kwa leso ile ile aliyovaa kichwani siku ile. Jamilah aliitambua.

Alisema pole. Alisema maneno yote yanayosemwa. Mama Mwirigi aliyapokea, akitikisa kichwa, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Msichana wangu, nataka nijue kitu moja. Ile ndege ilikuwa inachoka?"

"Ilikuwa inachoka, mama."

"Lakini ilikuwa imesimama tu. Mimi niliona imesimama, nikajua inapumzika."

Jamilah akamweleza. "Ikisimama ndiyo inachoka, mama. Ikikimbia ndiyo inapumzika."

Mtoto alijinyoosha, Mama Mwirigi akampapasa mgongo.

"Siku ile ya kwaya," alisema, "mbona hukutuambia? Ningemwaga yote. Hata gunia zote ningemwaga kwa hiyo matope, nikanyage kwa mguu wangu."

Jamilah alilia, na mama yule akamwacha alie, hakumnyamazisha wala hakumfukuza. Kisha mwanamke jirani akatoka jikoni na sahani za githeri, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, maana mgeni hawezi kuondoka hivi hivi hata kwenye msiba, na Mama Mwirigi mwenyewe akamsogezea Jamilah sahani yake na kijiko.

"Kula," alisema. "Ndiyo yale."

Gedion aliinamisha macho. Jamilah alishika kijiko, akala yote hadi mwisho, akihesabu kila punje kama deni analolipa. Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri.